Video Yako Inazunguka na Watu Wanacheka: Uanzie Wapi?

Mtu anayejikuta kwenye video inayozunguka, huku watu asiowajua wakimcheka, hukimbilia mambo mawili: kuingia kwenye komenti ajitetee, au kurekodi video yake mwenyewe aeleze kilichotokea. Yote mawili huipa klipu ile pumzi mpya, kwa kuwa mtandao huhesabu komenti ya hasira na komenti ya kicheko sawasawa. Kazi ya kuiondoa hufanywa pembeni, bila watazamaji, na huanza kwa kukusanya ushahidi kabla ya kugombana na mtu yeyote.

Tuseme ni mama muuza viazi katika soko la Kongowea, Mombasa. Mvua imenyesha, njia ni tope tupu, ameteleza na karai kichwani na viazi vyote vikamwagika. Kijana aliyekuwa karibu amemrekodi, akatia muziki wa kuchekesha, akaposti TikTok. Kufikia jioni klipu iko Facebook, YouTube na kwenye magrupu ya WhatsApp, na watu hawazungumzii tena kuanguka. Wanazungumzia umbo lake na nguo zake.

Hatua ya kwanza ni daftari. Kwa kila nakala, mama au mwanawe anaandika linki, jina la akaunti, tarehe na saa, kisha anapiga skrinshoti na kuhifadhi video yenyewe. Inaudhi kuiweka tena kwenye simu yako, lakini mposti akiifuta kesho na kuirudisha kesho kutwa, huna kingine cha kuonyesha. Nakala za WhatsApp zisidharauliwe. Video iliyopakuliwa kutoka TikTok mara nyingi hubaki na nembo inayoelea pamoja na jina la akaunti, na hapo ndipo unapomjua aliyeanza.

Akishajulikana, aandikiwe faraghani, kwa upole na kwa maneno machache, kwa sababu ujumbe wa vitisho utapigwa skrinshoti na kuwa posti ya pili. Unatosha ujumbe kama huu: “Kaka, salaam. Mimi ndiye mama wa kwenye video uliyoposti jana ya Kongowea. Sikukubali kurekodiwa wala kupostiwa, na watu wananitukana. Naomba uifute kabisa leo, na unijulishe ukishafuta.” Vijana wengi hufuta wakigundua kwamba aliyeanguka ni mama wa mtu, anayejua kuandika na anayejua akaunti yao. Akijibu kwa kudai pesa ndipo afute, usilipe. Hifadhi ujumbe wake na uende nao polisi, maana hapo jambo limekuwa jingine.

Asipojibu, unaugeukia mtandao wenyewe, na hapa watu wengi hupotea njia. Kosa la kawaida ni kudai hakimiliki. Hakimiliki ya video ni ya aliyerekodi, si ya aliyerekodiwa, kwa hiyo dai hilo ni la uongo hata kama umeonewa. Tena YouTube ikiiondoa video kwa dai la hakimiliki, mahali ilipokuwa huandikwa jina la aliyedai. Mama angejikuta ameutangazia ulimwengu jina ambalo wachekaji hawakuwa nalo.

Mlango ulio sahihi ni faragha. YouTube ina utaratibu wa malalamiko ya faragha, na swali lake la kwanza ni kama mtu anaweza kutambulika kwa sura, sauti au jina. Halafu hupima kama kuna habari yenye maslahi kwa umma, na kuanguka na karai la viazi si habari ya aina hiyo. Mlalamikaji awe mhusika mwenyewe, isipokuwa katika hali chache kama ya mtoto, na aonyeshe dakika na sekunde anapoonekana. Mposti anaweza kupewa saa 48 afute au ahariri, kwa mfano kwa kuziba uso kwa ukungu. Kuna ujanja wa kuangalia hapo: akiifanya video kuwa ya siri tu, YouTube yenyewe haikubali kwamba ametimiza, kwa kuwa anaweza kuifungua tena wakati wowote. Kwa hiyo zikipita siku mbili, rudi uifungue linki uone kama video imekwisha au imefichwa.

Facebook na Instagram zina kanuni za uonevu zinazomlinda mtu wa kawaida kuliko mtu mashuhuri. Baadhi ya maudhui huondolewa pale tu mlengwa mwenyewe anaporipoti. Ndiyo maana ile desturi ya kuwaomba marafiki mia waripoti haisaidii sana. Ripoti moja ya mama, yenye kuchagua uonevu na kusema “ni mimi”, ina uzito zaidi. TikTok nayo iripotiwe kwa njia hiyohiyo, nakala kwa nakala, kwa sababu kufutwa kwa video ya kwanza hakuzifuti zile ambazo wengine wamezipakia upya.

Sasa wale wanaosema “ulikuwa sokoni, huna lako”. Ni kweli kwamba kupiga picha mahali pa wazi hakukatazwi kwa jumla. Lakini nchini Kenya sura yako ni data yako binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kuitangaza ni jambo jingine kabisa. Mwezi Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu ya Casa Vera ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ridhaa yake. Mteja yule hakuwa chumbani kwake. Alikuwa amekwenda kustarehe mbele za watu.

Mama wa Kongowea anaweza kulalamika kwenye ofisi hiyo kwa maandishi au hata kwa mdomo, na akisema kwa mdomo, ofisi ndiyo yenye wajibu wa kuyaandika. Sheria inataka lalamiko lichunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Huo ni muda mrefu kwa video inayochekesha leo, kwa hiyo njia hii huenda sambamba na ile ya mitandao, haingojei zamu. Ina udhaifu pia: sheria haigusi matumizi ya binafsi au ya nyumbani tu, na kijana asiye na biashara atajaribu kujificha hapo, ingawa kuposti kwa umma ni vigumu kukuita kwa nyumbani. Ukurasa unaopata pesa kwa kuchekesha watu ni shabaha rahisi zaidi, na mara nyingi ndio ulioieneza klipu kuliko aliyeirekodi. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, pamoja na Tume yake inayopokea malalamiko.

Inabaki WhatsApp, na hapa lazima kusema ukweli: kampuni haiwezi kuingia kwenye simu za watu kufuta. Aliyetuma anaweza kuifuta kwa wote kwa muda wa siku mbili hivi, na msimamizi wa grupu anaweza kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote. Kwa hiyo tafuta msimamizi, si mtumaji. Wale waliokwisha kuihifadhi kwenye simu zao wanayo, na nakala mpya inaweza kuchomoza baada ya miezi. Ikichomoza, daftari lipo: linki mpya inaongezwa chini ya zile za zamani, na ripoti inatumwa ikieleza kwamba nakala ya video hiyo iliwahi kuondolewa, tarehe fulani, kwa sababu ya faragha.