Oda Zinazoishia Daftarini

Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani iliwasha programu mpya ya kupeleka oda za hisa sokoni. Kati ya seva 8, moja ilisahaulika, haikuwekewa programu hiyo, na msimbo wa zamani uliokuwa umelala humo ukaamka. Kwa takriban dakika 45 ulimwaga oda mfululizo. Hasara ilizidi dola milioni 460.

Ndiyo maana wapo wanaoiendesha programu mpya katika hali ya kivuli kwanza. Inapokea bei halisi za soko, inaamua inunue nini na kwa bei gani, lakini oda inaandikwa daftarini tu pamoja na saa yake. Kizuizi kinafaa kiwe hatua ya mwisho kabisa, mlangoni pa kutokea, ili kila kilichotangulia kifanye kazi kama siku ya kweli. Kwa Knight, kivuli kingesaidia endapo tu kingepita kwenye seva zote 8.

Kugundua msimbo mbovu ndiyo kazi nyepesi. Kujua kama programu ingepata faida ni kazi nyingine, kwa sababu oda ambayo haikutumwa haina jibu. Je, ingepata muuzaji?

Tuchukue mfano wa kubuni. Programu inataka hisa 100 kwa dola 50.00, bei ya juu ambayo wanunuzi wanatoa wakati huo. Mbele yake kwenye foleni wamo wengine wanaotaka hisa 3,000 kwa bei hiyohiyo. Zinauzwa 1,200, kisha bei inapanda hadi 50.40. Daftari la kizembe litaandika faida ya dola 40, ilhali zamu yetu haikufika. Siku ya pili foleni ni ileile, lakini wauzaji wanamwaga hisa 5,000 na bei inashuka hadi 49.80. Hapo zamu imefika, nasi tumepata hasara ya dola 20. Daftari la kizembe linaonyesha faida ya dola 20 kwa siku mbili; la kweli linaonyesha hasara ya dola 20.

Huu si mkosi. Oda za namna hii hujazwa kwa urahisi zaidi pale wengine wanapoikimbia hisa. Kanuni ya tahadhari ni kuhesabu kuwa umenunua pale tu bei iliposhuka chini ya bei yako.

Lipo pia lisilopimika: oda kubwa husukuma bei, na kivuli hakisukumi chochote. Kwa hiyo baada ya kivuli, tuma oda halisi ndogo sana, huku kivuli kikiendelea kuandika pembeni. Kivuli kikidai kujaziwa oda nyingi kuliko zilizojazwa kweli, usiongeze fedha; rekebisha daftari kwanza.