Pengo la Mfuko wa Pensheni

Uhai wa mfuko wa pensheni haupimwi kwa fedha zilizoko benki, wala kwa maghorofa yenye jina la mfuko yanayoonekana mjini. Kinachopimwa ni kama mali zote za leo zinatosha kubeba ahadi zote ambazo wanachama wameshazichuma, pamoja na zile ambazo hazitadaiwa mpaka miaka 30 ijayo. Mtaalamu wa takwimu bima huchukua orodha ya wanachama yenye umri, mshahara na miezi ya utumishi wa kila mmoja, akakadiria nani atafika umri wa kustaafu, kwa mshahara gani, na ataishi miaka mingapi baada ya hapo. Kisha kila malipo yajayo hugeuzwa kuwa thamani ya leo.

Hapo kwenye kugeuza ndipo penye uzito. Shilingi milioni 1 itakayolipwa baada ya miaka 10 inahitaji akiba ya kama 463,000 leo, iwapo vitega uchumi vitazaa asilimia 8 kwa mwaka. Vikizaa asilimia 6, inahitajika 558,000. Kwa hiyo msomaji makini wa ripoti ya tathmini huanza na ukurasa wa makadirio ndipo aende kwenye jumla. Pengo linaweza kukua au kupungua bila hata senti moja kuingia wala kutoka.

Kijiweni neno “pengo” hutafsiriwa haraka kuwa mfuko umefilisika na hela zimeliwa. Wizi na vitega uchumi vibovu vyaweza kuleta pengo, ni kweli, lakini pengo kubwa kuliko yote lililojulikana nchini Tanzania lilikuwa na chanzo kingine, tena kilichoandikwa waziwazi.

Kabla ya Julai 1999 watumishi wa serikali hawakuchangia pensheni. Hazina ndiyo iliyolipa. Sheria ya mwaka huo iliunda PSPF, ambayo watumishi walianza kuichangia, lakini ikatwishwa pia kulipa miaka ya utumishi ya nyuma ambayo haikuwa na mchango wowote. Tuchukue mfano wa kubuni: mwalimu wa Milola, mkoani Lindi, aliyeajiriwa Julai 1984 na kustaafu mwisho wa Juni 2019 kwa mshahara wa 1,200,000. Ana miezi 420. Kwa kikokotoo cha PSPF, pensheni ya mwaka ni 420 gawanya kwa 540, mara mshahara wa mwaka, yaani 11,200,000. Nusu yake ilizidishwa kwa 15.5 ikawa mkupuo wa 86,800,000. Nusu nyingine ikawa pensheni ya mwezi, kama 466,700.

Sasa miezi 180 kati ya hiyo 420 iko kabla ya Julai 1999. Maana yake 37,200,000 za mkupuo huo, na 200,000 za kila mwezi maisha yake yote, hazikuwahi kuchangiwa na yeyote. Zidisha mwalimu huyo kwa kizazi kizima cha watumishi. Tathmini ya mwaka 2010 ilikuta pengo la zaidi ya shilingi trilioni 6, huku wastaafu wakiendelea kulipwa. Hapakuwa na miujiza: michango ya walio kazini ndiyo iliyokuwa ikilipa waliotoka. Hali hiyo hudumu mpaka malipo yanapoizidi michango, na dalili yake ya kwanza kwa mwanachama ni mkupuo kuchelewa.

Pengo huzibwa na mwenye deni au na wanachama. Mwaka 2018 PSPF, LAPF, PPF na GEPF ziliunganishwa kuwa PSSSF, na baadaye serikali ikaupa mfuko huo hatifungani maalumu zisizo taslimu za takriban trilioni 2.17 kwa ajili ya deni la kabla ya 1999. Upande wa wanachama kilikuja kikokotoo cha Julai 2022: kigawanyo 580, kizidishi 12.5, na mkupuo ambao wakati huo ulikuwa asilimia 33.

Kelele zote ziliangukia hiyo asilimia 33, na hapo ndipo hesabu ilipoachwa. Kwa mwalimu yuleyule, mkupuo ungekuwa kama milioni 43. Katika milioni 43.8 zilizopungua, kama 21.6 zinatokana na 580 na 12.5, hizo zimeondoka moja kwa moja, na ndizo zinazopunguza pengo. Zilizobaki, kama milioni 22.2, zinarudi kidogo kidogo: pensheni yake ya mwezi ingekuwa 582,000, wakati kwa kigawanyo na kizidishi hivyo hivyo mkupuo wa nusu ungemwachia 434,500. Tofauti hiyo hukamilisha milioni 22.2 baada ya miaka 12 na nusu. Mstaafu wa miaka 60 anayefika 80 anapata zaidi. Anayefariki akiwa na 65, sehemu kubwa ya fedha hizo hakuishika.