Sahani Kumi za Mwisho

Wiki hii mgahawa wetu wa Ngamiani, hapa Tanga, unatimiza mwaka mmoja. Wateja wetu wa kila siku, asanteni sana. Asante hiyo nataka niielezee kwa hesabu za jikoni, maana wengi wenu mnadhani mlikuwa mnakuja kula tu.

Chakula chetu kikuu ni wali wa nazi, na wali wa nazi haungoji mtu. Kwa joto hili la pwani, ukipikwa mchana ukaachwa sufuriani, jioni huwa umeanza kuchacha. Punje zinateleza na kunata, ukiinua mwiko wali unavuta uzi, na ile harufu tamu ya tui inageuka kuwa kali. Ukishafika hapo hata kuupasha moto hakusaidii, kwa sababu kuna vijidudu vya kwenye wali ambavyo sumu yao haiondoki kwa kuchemshwa. Kwa hiyo kinachopikwa mchana lazima kiishe mchana, na anayepika lazima ajue mapema watakuja wangapi.

Chukueni siku ya kawaida. Tunapika kilo 10 za mchele, na kwa ujazo wa sahani zetu kila kilo inatoa sahani 7, kwa hiyo tuna sahani 70. Sahani moja tunauza shilingi 3,000, na zikiisha zote tunapata 210,000. Sasa toeni mchele, nazi, samaki, maharage, mchicha, mkaa, kodi ya siku hiyo na ujira wa kina dada wanaopika na kuhudumia: inakwenda kama 180,000. Zinabaki 30,000, yaani thamani ya sahani 10. Sahani 60 za kwanza zinarudisha gharama tu. Faida yote ya siku imekaa kwenye zile 10 za mwisho, na hizo zikibaki sufuriani, tumeshinda motoni kutwa nzima bila kupata kitu.

Mkahawa mpya hauna wa kumuuliza. Unapika kwa kubahatisha: leo chakula kinabaki, kesho kinaisha saa saba na watu wanaondoka na njaa. Kilichotuondoa huko ni ninyi. Mafundi cherehani wa jirani walianza kupita asubuhi wakienda kufungua kazi: “Dada, leo tuko watano.” Walimu wakawa wanapiga simu wakati wa mapumziko ya chai. Vijana wa bodaboda, hata siku ya safari ya mbali, wanasema kabisa kwamba leo hawatakula hapa, na kwangu hiyo ni heshima kubwa, kwa sababu asiyekuja akasema ananiokolea sahani sawa na anayekuja. Wakati wa masika, mvua ikianza alfajiri wapita njia wanapotea wote. Tulipunguza mchele hadi kilo 6 na ukaisha, kwa kuwa tulishajua nani atakuja hata kwa mwavuli.

Kuna mzee mmoja anayeuza nazi sokoni ambaye hula kwetu karibu kila siku. Siku moja aliweka kijiko chini, akaniita pembeni. “Mwanangu, katika tui hili kuna nazi moja iliyoharibika.” Akaomba aone zilizobaki. Akazitikisa moja moja sikioni: isiyolia maji aliitenga. Kisha akabonyeza macho ya kila nazi kwa kidole gumba, na yenye unyevu au ukungu nayo akaitenga. Tangu hapo kila nazi inavunjwa juu ya bakuli lake na maji yake yanaonjwa kabla haijakaribia mbuzi, kwa sababu moja mbovu inaharibu sufuria zima. Mgeni asingesema neno. Angelipa, akaondoka, na nisingejua kwa nini harudi.

Ramadhani ndiyo niliyoiogopa. Mchana tulifunga, na mauzo yote yakahamia kwenye futari: mihogo ya nazi, magimbi, tambi, uji wa pilipili manga. Ninyi ndio mliokuja alasiri na vyombo vyenu kutoka nyumbani, kila mmoja akitaja anachotaka kesho, na wateja wetu wasiofunga wakawa wanachukua chakula cha jioni pamoja nanyi. Hatukumsimamisha kazi mtu yeyote mwezi ule. Kina dada wa jikoni wanawashukuru kuliko mimi.

Ijumaa hii, baada ya swala, tunasherehekea kwa samaki wa kupaka, na bei ya sahani haibadiliki. Mnaokuja na familia, karibuni nyote. Tuambieni tu kabla ya saa nne asubuhi, maana saa hiyo tui jepesi linakuwa limechemka na mchele unaingia sufuriani.