Baada ya Kikao: Aliyefika, Asiyefika na Aliyenyamaza

Wajumbe wengi wa kamati za usalama za vilima hutuuliza jinsi ya kuwaandikia watu baada ya kikao. Mazoea ni kutuma ujumbe mmoja kwa wote: «Asante kwa kuhudhuria.» Ujumbe huo ukimfikia mtu ambaye hakuja, huenda akadhani kuna aliyeandika jina lake katika orodha na kupokea nauli yake. Hapo imani aliyokuwa nayo kwetu hupungua.

Tuchukue mfano wa kikao cha Jumanne huko Nyanza-Lac kuhusu wizi wa injini za boti. Walialikwa watu 60. Waliothibitisha ni 41, na 19 hawakujibu. Siku ya kikao walifika 30 kati ya waliothibitisha, pamoja na 4 ambao hawakuwa wamejibu. Basi anzeni na orodha ya mahudhurio, kisha ndipo mtazame uthibitisho. Aliyekuja ni aliyefika, hata kama hakujibu mwaliko. Kwa hesabu hiyo waliofika ni 34, waliothibitisha wasifike ni 11, na walionyamaza ni 15.

Waliofika waandikieni kesho yake asubuhi. Wao walikwisha kusikia mjadala. Wanachohitaji ni azimio na siku:

«Polisi Nyanza-Lac: Asante kwa kufika Jumanne. Injini ziandikwe namba kabla ya tarehe 30. Fundi atakuwa mwaloni Ijumaa saa 3 asubuhi, saa za Burundi.»

Kamwe msitaje neno alilolisema mtu kikaoni. Simu nyingi hutumiwa na watu zaidi ya mmoja nyumbani, na shukrani kwa «taarifa uliyotupa» yaweza kumhatarisha aliyeitoa.

Walioahidi wasifike wasilaumiwe. Swali la «kwa nini hukuja?» likitoka kwa polisi husikika kama mashtaka. Wapeni azimio pamoja na nafasi ya pili:

«Polisi Nyanza-Lac: Hatukukuona Jumanne. Injini ziandikwe namba kabla ya tarehe 30. Karibu Alhamisi saa 10 jioni, saa za Burundi, mwaloni. 1 nitakuja, 2 siwezi.»

Maneno «saa za Burundi» yana sababu. Saa za Tanzania ziko mbele ya zetu kwa saa moja, na karibu na mpaka simu hunasa mtandao wa upande wa pili na kujibadilisha saa yenyewe. Mtu huyo hufika saa moja mapema, asikute mtu, akarudi zake. Nasi tukamwandika kuwa hakufika. Sababu nyingine ni mwezi. Wavuvi wa ndagala huvua kwa taa katika usiku wa giza, na asubuhi huwa wanauza au wamelala. Mkiona kwamba wasiofika karibu wote ni wavuvi, kosa ni la siku mliyoichagua. Siku za mbalamwezi, wanapopumzika, ndizo bora kwa kuwaita.

Walionyamaza ndio wanaohitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwa maana kimya si kukataa. Huenda mwaliko haukufika, mwenyewe yuko Kigoma na laini nyingine, au namba ina mmiliki mpya. Kwa kuwa hatujui nani ameshika simu, tusiandike jina la mtu wala mambo ya kikao. Tuulize tu:

«Polisi Nyanza-Lac: Tulituma mwaliko wa kikao cha Jumanne. Uliupata? Jibu 1 niliupata, 2 sikuupata, 3 namba si yangu. Huu si wito.»

Anayejibu 1 apewe nafasi ya Alhamisi. Anayejibu 2 aelezwe kikao kilihusu nini, baada ya kumpigia na kuhakikisha kuwa ndiye. Anayejibu 3 aombwe radhi, na namba yake ifutwe siku hiyohiyo. Asiyejibu kwa siku mbili asitumiwe ujumbe mwingine. Mkuu wa kilima, anayemfahamu, apite nyumbani kwake.

Kila ujumbe usizidi herufi 160, nafasi na alama zikihesabiwa, maana ukizidi hapo hulipiwa kama ujumbe miwili. Namba zote ziandikwe na msimbo wa nchi: +257 kwa Burundi, +255 kwa Tanzania, +243 kwa Kongo. Bila msimbo huo, namba ya Kigoma ikipigwa kutoka Nyanza-Lac haipatikani, na mwenyewe huhesabiwa miongoni mwa walionyamaza ilhali hakuna aliyemwalika.

Mwisho, orodha hizo tatu zifungiwe mahali salama. Zikianguka mikononi mwa wezi wa injini, zitawaonyesha ni nani aliyekaa na polisi.