Chanjo ya Surua Inavyoifunza Kinga ya Mtoto

Chanjo ya surua ina virusi hai vya surua vilivyofubazwa. Vilikuzwa maabara mara nyingi mfululizo hadi vikapoteza ukali wake: bado huzaliana kidogo mwilini, lakini haviwezi kumwuguza mtoto mwenye kinga ya kawaida kama virusi vya mitaani vinavyofanya. Hata hivyo, umbo lake la nje halijabadilika sana, na ni umbo hilo ambalo mwili hujifunza kulitambua.

Tanzania hutoa chanjo hii pamoja na ya rubela katika sindano moja. Dozi ya kwanza hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na ya pili akiwa na miezi 18. Kila dozi ni nusu mililita, nayo hudungwa chini ya ngozi ya mkono, sehemu ya juu.

Kwa mtoto aliyechanjwa Jumatatu, kazi huanza siku hiyohiyo. Seli za ulinzi zilizo karibu na mahali palipodungwa huvimeza baadhi ya virusi, huvivunjavunja, kisha hubeba vipande hadi kwenye tezi za kwapani. Humo mna seli nyeupe za damu nyingi mno, kila moja ikiwa na kipokezi chake, kama vitasa ambavyo kila kimoja hufunguliwa na ufunguo wake. Ni chache tu zinazooana na vipande vya surua. Hizo chache huanza kugawanyika: moja huwa mbili, mbili huwa nne, hadi zinapokuwa kundi kubwa. Baadhi hutengeneza kingamwili, yaani protini zinazovishika virusi ili visiingie katika seli za mwili. Nyingine huziwinda na kuziua seli ambazo tayari zimeingiliwa.

Kilele cha kazi hiyo huja takriban wiki moja hadi mbili baada ya sindano. Ndiyo maana mtoto yuleyule anaweza kupata homa Jumanne ya wiki inayofuata, pengine na vipele vichache, wakati mama yake amekwisha kuisahau sindano. Wazazi wengine husema sindano imemletea mtoto surua. Kwa kawaida homa ya chanjo huisha yenyewe kwa siku 1 au 2, na mtoto huendelea kunyonya na kucheza. Surua yenyewe huanza kwa homa kali, kikohozi, mafua na macho mekundu, ndipo upele hutokea usoni na kushuka mwilini. Mtoto mwenye dalili hizo, au aliyepata degedege, aliyelegea au anayekataa kunyonya, hupelekwa kituo cha afya bila kusubiri, awe amechanjwa au la.

Virusi vya chanjo vinapokwisha, seli nyingi za kundi lile hufa. Zinazobaki ni seli za kumbukumbu, ambazo hudumu miaka mingi. Virusi vikali huhitaji takriban siku 10 tangu kuingia mwilini hadi dalili kuanza. Mwili usiowahi kuviona huchelewa kuviwahi, lakini wenye kumbukumbu hujibu haraka na kwa nguvu, na mara nyingi huvimaliza kabla mtoto hajahisi lolote.

Umri wa miezi 9 una sababu yake. Mtoto huzaliwa na kingamwili za mama zilizopita kwenye kondo la nyuma. Zikiwa bado nyingi, huvikamata virusi vya chanjo kabla mwili wa mtoto haujajifunza chochote. Kusubiri sana nako kuna hatari, kwa sababu kingamwili hizo hupungua na kumwacha mtoto wazi kwa surua. Katika umri huo, kati ya watoto 100 wanaochanjwa, takriban 85 hupata kinga na 15 huikosa. Dozi ya miezi 18 imewekwa hasa kwa ajili ya hao 15, na wengi wao hupata kinga safari hiyo. Kwa kuwa haijulikani ni akina nani, watoto wote huchanjwa tena.

Mafunzo haya hushindikana pia virusi vya chanjo vikifa kabla ya kudungwa. Chanjo ya surua ni unga mkavu unaotunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, na huchanganywa na kimiminika chake maalumu, ambacho nacho lazima kiwe baridi. Ikishachanganywa hudhoofika upesi kwa joto na mwanga, na vijidudu vikiingia huweza kuota ndani yake. Kwa hiyo kichupa hutupwa baada ya saa 6, au kipindi cha chanjo kinapokwisha ikiwa kitakwisha mapema, hata kama dozi zimebaki. Sindano yenye virusi vilivyokufa kwa joto huandikwa kwenye kadi kama nyingine zote, lakini haimwachii mtoto kinga.