Eskro: Mzigo 'umefika' wapi, Guangzhou au Masukulu?

MFANYABIASHARA wa Masukulu, wilayani Rungwe, anayetaka kuagiza China mashine ya kukata ndizi za krispi ana hofu moja: akitanguliza fedha, mashine inaweza isije. Muuzaji naye ana yake: akitanguliza mashine, fedha zinaweza zisije. Eskro imebuniwa kumaliza mvutano huo. Hata hivyo, kuna jambo ambalo mnunuzi wa bara asipolijua litamgharimu, nalo ni mahali ambapo mzigo huhesabiwa kuwa umefika.

Eskro ni amana. Mnunuzi hulipa bei yote, lakini fedha hazimfikii muuzaji; hushikwa na soko lenyewe au kampuni yake ya malipo. Muuzaji huarifiwa kuwa malipo yameingia, hivyo hutuma mzigo bila wasiwasi. Mnunuzi akithibitisha kuupokea, au siku za kulalamika zikipita akiwa kimya, fedha huachiwa muuzaji.

Utaratibu huu ulishika kasi China mwaka 2003, soko la Taobao lilipoanza kushika malipo ya wateja wake. Biashara ya kwanza, mwezi Oktoba mwaka huo, ilikuwa kamera ya Fuji iliyokwishatumika, kwa yuan 750. Muuzaji alikuwa Japani na mnunuzi alikuwa Xi'an, wala hawakufahamiana. Kutokana na huduma hiyo ikazaliwa Alipay. Kwa biashara ya jumla, Alibaba ina utaratibu wake uitwao Trade Assurance, ulioanza mwaka 2015.

MFANO WA MASHINE YA NDIZI

Chukua mfano wa mashine ya dola 800. Mnunuzi wa Masukulu analipa kwa kadi ndani ya mtandao wa Alibaba, na dola hizo zinashikwa. Kwa kuwa kusafirisha mashine moja peke yake hadi Tanzania ni ghali, anaelekeza ipelekwe kwenye ghala la wakala wa mizigo huko Guangzhou, ichanganywe na mizigo ya wengine kwenye kontena.

Hapo ndipo penye mtego. Anwani iliyo kwenye oda ni ya ghala la Guangzhou. Wakala akishasaini, kwa mujibu wa oda mzigo umefika, na siku za kulalamika zinaanza kuhesabiwa. Kontena linaweza kukaa baharini mwezi mmoja au zaidi, kisha kuna forodha ya Dar es Salaam, na baada ya hapo lori la kwenda Uyole na kushuka Tukuyu. Mashine inapofunguliwa Masukulu na kukutwa ina mota ya umeme wa njia tatu, wakati nyumba ina njia moja, huenda dola 800 zimeshaachiwa muuzaji siku nyingi.

Dawa yake ni kufanya ukaguzi Guangzhou, kabla ya kontena kufungwa. Wakala alipwe ada ya kufungua kasha, kupiga picha kibandiko cha mota na kuiwasha mashine. Picha hizo zikionesha volti 380 badala ya 220, lalamiko lifunguliwe siku hiyo hiyo. Kitufe cha `Confirm receipt` kisibonyezwe kwa sababu tu muuzaji amebembeleza.

KINACHOHESABIKA NI KILICHOANDIKWA

Mnunuzi na muuzaji wasipoelewana, soko huamua kwa kulinganisha oda na ushahidi. Oda iliyoandikwa "mashine ya kukata ndizi" tu haimsaidii mnunuzi, kwani mashine ya njia tatu nayo hukata ndizi. Oda itaje njia moja, volti 220, unene wa vipande na idadi ya visu vya akiba. Makubaliano yote yabaki kwenye ujumbe wa ndani ya soko hilo.

Dalili kubwa ya hatari ni muuzaji anayetoa punguzo iwapo fedha zitatumwa moja kwa moja kwenye akaunti yake ya benki. Malipo yaliyopita nje ya mfumo hayamo kwenye amana, na Trade Assurance haiyalindi. Punguzo la dola 40 hapo linanunuliwa kwa kuhatarisha dola 760.

Eskro pia ina mipaka. Inashika bei ya mashine. Haishiki nauli anayolipwa wakala, ushuru wa forodha, wala hasara ya kasha lililovunjika njiani baada ya Guangzhou. Hata mnunuzi akishinda, anaweza kutakiwa kuirudisha mashine, na nauli ya kurudisha chuma kizito China inaweza kumeza faida ya ushindi. Kwa hiyo fidia ya sehemu ya bei, inayotosha kununua mota nyingine Mbeya, mara nyingi ndiyo suluhu yenye nafuu.