Chupa Moja Iliyoota

Wataalamu waliochunguza damu ya watoto waliolazwa hospitali ya Kilifi, baina ya mwaka 1998 na 2002, walikuta bakteria wa maradhi kwa watoto 6 hivi katika kila 100 waliokwisha kupita siku 60 za umri. Lakini hesabu hiyo haikuwajumuisha stafilokoki wa kawaida wa ngozi, ambao huota chupani kama waotavyo wauaji, wala chupa yenyewe haisemi walitoka wapi.

Na tuseme mama mmoja wa Salaita, upande wa Taveta, amefikishwa hospitali na homa ya siku nne, malaria haikuonekana, na tabibu akaamuru damu yake ioteshwe. Mtoaji damu hodari huutafuta mshipa kwanza, ndipo akaisafisha ngozi kwa klorheksidini iliyotiwa spiriti, akaiacha ikauke yenyewe kwa muda wa nusu dakika, asiiguse tena hata kwa kidole chenye glavu. Kadhalika huupangusa kwa spiriti mpira wa chupa, ambao watu wengi hudhani kuwa ni safi kwa sababu ulikuwa umefunikwa.

Kila chupa ya mtu mzima yataka mililita 8 hadi 10, kwa kuwa aghalabu bakteria hai hafiki hata mmoja katika mililita moja ya damu ya mgonjwa. Anayetia mililita 3 hupunguza uwezekano wa kumnasa adui, ilhali uwezekano wa kumchukua mkaazi wa ngozi haupungui, maana huyo huingia kwa ncha ya sindano, si kwa wingi wa damu. Ubahili huo, kwa maoni yangu, hudhuru kuliko uchafu.

Mama yetu alitolewa chupa mbili, moja kila mkono. Baada ya saa 30 ile ya mkono wa kulia ikaota, na hadubini ikaonyesha viduara vya zambarau vilivyoshikana mfano wa kichala cha zabibu. Saa hiyo hapana ajuaye kama ni stafilokoki oreasi, ambaye hapuuzwi hata akiwa katika chupa moja tu. Kwa hiyo mgonjwa akiwa mahututi hutibiwa bila kungoja. Kipimo cha koagulesi kilipofuata, plazima haikuganda, na chupa ya mkono wa kushoto ikabaki bila kitu hadi siku ya tano. Hukumu ni dhahiri: uchafu wa ngozi.

Hukumu ingegeuka lau chupa zote mbili zingeotesha kiumbe yule yule, au lau mgonjwa angekuwa na vali bandia ya moyo, au mpira uliokaa ndani ya mshipa mkubwa, au angekuwa mtoto njiti. Na lau ingetolewa chupa moja peke yake, maabara isingekuwa na la kujibu. Ingebidi damu itolewe upya, mikono yote miwili, kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki.